Kipeuo cha pili cha 2 na uthibitisho kwa mkinzano: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyakusanya kutoka kwa wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita, ambao wamekuwa wakiniuliza mwaka baada ya mwaka, mengine mbele ya ubao, mengine kwa simu usiku wa kuamkia mtihani. Nimeyapanga kuanzia ya mwanzo kabisa. Kama uthibitisho wenyewe unaujua tayari, ruka hadi swali la 8. Hapo ndipo wengi hudhani wameelewa kumbe bado.

Istilahi ni zile zile za shule ya msingi. Namba shufwa inagawanyika kwa 2 bila baki (2, 4, 6), na namba witiri inabakiza 1 (1, 3, 5). Anayeswali swala ya witiri analijua neno hilo vizuri, kwa kuwa rakaa zake hazigawanyiki mafungu mawili sawa. Katika sehemu a/b, namba ya juu ni kiasi na ya chini ni asili.

## Kabla ya kuanza

1. √2 ni namba gani, na kusema kwamba si namba wiano maana yake nini?

Chukua kigae cha mraba chenye upande wa futi 1, ukikate kutoka pembe moja hadi pembe inayotazamana nayo. Urefu wa mkato huo ni ulalo wa mraba, na kwa kanuni ya Pythagoras ulalo ukizidishwa kwa wenyewe unatoa 1 + 1, yaani 2. Urefu huo ndio √2. Kwa hiyo hatuna shaka kwamba upo, maana tumeukata kwa mkono.

Namba wiano ni ile inayoweza kuandikwa a/b, ambapo a na b ni namba nzima na b si sifuri. Kusema √2 si namba wiano ni kusema kwamba hakuna a na b za namna hiyo. Angalia uzito wa neno "hakuna". Hatusemi kwamba hazijapatikana, wala kwamba ni kubwa mno hata hazihesabiki. Tunasema hazipo.

Usichanganye jambo hili na desimali isiyokwisha. 1/3 ni 0.333… isiyokwisha, na bado ni namba wiano.

2. Kikokotoo changu kinaonyesha 1.414213562. Hiyo si sehemu tayari?

Ni sehemu, ni 1414213562/1000000000, ila hiyo si √2. Huhitaji kikokotoo kingine kulijua hilo. Itazame tarakimu ya mwisho, 2. Ukiizidisha 1.414213562 kwa yenyewe, tarakimu ya mwisho kabisa ya jibu, mbali kule kwenye nafasi ya 18 baada ya nukta, itakuwa 2 × 2 = 4. Namba yenye 4 mkiani baada ya nukta haiwezi kuwa 2 kamili.

Hoja hiyo inakwenda mbali kuliko mfano huu. Desimali yoyote inayokoma baada ya nukta ina tarakimu ya mwisho kati ya 1 na 9, na tarakimu hizo zikizidishwa kwa zenyewe zinaishia na 1, 4, 9, 6, 5, 6, 9, 4, 1. Sifuri haimo. Kwa hiyo desimali inayokoma, hata iwe na tarakimu milioni, haiwezi kuwa √2. Zinabaki sehemu ambazo desimali zake hazikomi, kama 99/70, na kwa hizo hoja hii haitoshi.

3. Kwa nini tusizijaribu sehemu moja baada ya nyingine?

Jaribu, maana inafundisha. Kama a/b ni √2, basi a² inapaswa kuwa sawa na 2b². Tazama hizi:

7/5: 49 dhidi ya 50
17/12: 289 dhidi ya 288
41/29: 1681 dhidi ya 1682
99/70: 9801 dhidi ya 9800
577/408: 332929 dhidi ya 332928

Kila mara tunakosa kwa 1 tu. Ukiwa na sehemu moja kati ya hizi unaweza kuipata nyingine iliyo karibu zaidi: kiasi kipya ni a + 2b, asili mpya ni a + b. Kutoka 7/5 unapata 17/12, na kutoka 17/12 unapata 41/29. (Kutoka 99/70 unapata 239/169 kwanza, ndipo 577/408.) Unaweza kuendelea hivyo maisha yako yote, ukikosa kwa 1 kila mara.

Watu wa Babeli ya kale walifika karibu sana. Katika mkusanyiko wa Chuo Kikuu cha Yale kuna kibao cha udongo, YBC 7289, cha kati ya miaka 1800 na 1600 hivi kabla ya Kristo, kimechorwa mraba na ulalo wake. Juu ya ulalo imeandikwa namba ambayo kwa desimali zetu ni takribani 1.414213, na hitilafu yake haifiki hata moja ya milioni. Ila kukaribia ni jambo moja, na kujua kama utafika ni jingine. Sehemu hazina mwisho, hivyo kujaribu hakuwezi kuthibitisha kwamba hakuna inayofaa. Inatakiwa hoja moja inayozikataa zote kwa mkupuo.

4. Uthibitisho kwa mkinzano ni nini?

Ni hivi. Unataka kuonyesha kwamba jambo fulani si kweli. Unalikubali kwa muda, unalifuata kwa uaminifu hatua kwa hatua, hadi likufikishe mahali ambapo maneno mawili yanakataana: hiki ndicho, na hiki sicho. Kwa kuwa hatua zote zilikuwa halali, kosa limo katika lile ulilolikubali mwanzoni. Unalikataa.

Kiswahili kinayo sarufi ya fikra hii: "Mvua ingenyesha usiku, ua ungekuwa umelowa." Ua ni mkavu, basi mvua haikunyesha. Lakini tukiandika uthibitisho hatutumii -nge-, na naona jambo hilo lina maana yake. Mwenye kusema "ingenyesha" ameshatoa hukumu, anajua haikunyesha. Kwenye uthibitisho tunasema "tuseme √2 ni namba wiano", kisha tunaendelea kwa "ni" na "basi", kama watu wanaoamini. Dhana tunayoijaribu tunaipa haki yake yote. Ikianguka, iangushwe na hesabu, isiangushwe na sauti ya mwandishi.

## Uthibitisho wenyewe

5. Nionyeshe hatua zote, bila kuruka.

Tuseme √2 ni namba wiano. Basi zipo namba nzima chanya a na b, ambapo

√2 = a/b

na sehemu hiyo imerahisishwa hadi mwisho, yaani a na b hazina kigawo cha shirika zaidi ya 1.

Zidisha kila upande kwa wenyewe, kisha zidisha kwa b²:

a² = 2b²

Upande wa kulia ni 2 mara namba nzima, kwa hiyo a² ni shufwa. Namba nzima ambayo mraba wake ni shufwa, yenyewe pia ni shufwa (swali la 6). Basi a ni shufwa, na tunaweza kuandika a = 2c, ambapo c ni namba nzima. Weka 2c mahali pa a:

(2c)² = 2b²
4c² = 2b²
2c² = b²

Sasa b² ndiyo iliyo 2 mara namba nzima. Kwa sababu ile ile, b ni shufwa.

Basi a na b zote ni shufwa, na 2 ni kigawo chao cha shirika. Lakini tulisema hazina kigawo cha shirika zaidi ya 1. Maneno hayo mawili yanakataana. Kwa hiyo dhana yetu si kweli, na √2 si namba wiano.

6. Kwa nini a² ikiwa shufwa, a nayo ni shufwa?

Hapa ndipo penye injini ya uthibitisho, na ndipo wengi wanapopita mbio. Jaribu kuona ingekuwaje a ingekuwa witiri. Kila namba witiri ni 2k + 1, na mraba wake ni

(2k + 1)² = 4k² + 4k + 1 = 2(2k² + 2k) + 1

Hiyo inabakiza 1 ikigawanywa kwa 2. Basi mraba wa witiri ni witiri siku zote, na namba ambayo mraba wake ni shufwa haiwezi kuwa witiri.

Kwenye daftari nyingi nilizosahihisha, hatua hii inaandikwa "a² ni shufwa, kwa hiyo a ni shufwa" bila neno zaidi, na mara nyingine nakuta sababu isiyo sababu: "kwa kuwa mraba wa shufwa ni shufwa." Hiyo ni kweli, lakini inasema safari ya kwenda na sisi tunahitaji ya kurudi. Kila mbuzi ana miguu minne, ila si kila chenye miguu minne ni mbuzi. Andika mstari wa 2k + 1. Hauchukui hata nusu dakika.

7. Nani katuruhusu kusema sehemu imerahisishwa hadi mwisho?

Kila sehemu inaweza kurahisishwa. Ukiwa na 84/60, gawanya juu na chini kwa kigawo kikubwa cha shirika, ambacho ni 12, upate 7/5. Thamani haibadiliki. Kwa hiyo kama √2 ni sawa na sehemu fulani, ni sawa pia na sehemu hiyo ikiwa imerahisishwa, na tunaanza na hiyo. Hatujaongeza dhana mpya. Tumechagua tu, kati ya sura nyingi za sehemu moja, ile iliyo fupi kuliko zote.

Ukilisahau sharti hili, uthibitisho unafika mwisho ukiwa na a na b shufwa, na hapo hakuna ubaya wowote: 84 na 60 nazo ni shufwa zote mbili. Mwanafunzi anabaki amesimama mbele ya ubao, hesabu zote sahihi, mkinzano hauonekani. Ikikutokea, rudi kwenye mstari wa kwanza.

Iko njia nyingine ya kuokoka. Gawanya a na b kwa 2 upate jozi ndogo zaidi inayotimiza a² = 2b². Kwa hoja ile ile nazo ni shufwa. Gawanya tena, na tena. Namba nzima chanya haiwezi kugawanyika kwa 2 milele ikabaki namba nzima. Hapo mkinzano unapatikana kwa kushuka, bila kutaja kurahisisha. Tutaiona njia hii kwa karatasi na mkasi katika swali la 12.

8. Mkinzano ukitokea, kwa nini tunailaumu dhana ya √2 na si hatua nyingine?

Swali zuri kuliko yote, na ni wachache wanaoliuliza. Mkinzano unasema tu kwamba kuna kitu kibovu mahali fulani katika mnyororo. Hautaji ni pete ipi. Ili kuilaumu dhana moja lazima pete nyingine zote uwe umezikagua.

Tukague. Kuzidisha pande mbili za mlingano ni halali. Mraba wa witiri kuwa witiri tumeuthibitisha. Kila sehemu kurahisishika tumeeleza. Kuweka 2c mahali pa a ni maana tu ya neno shufwa. Kimebaki kitu kimoja ambacho hatukukithibitisha, tulikikubali tu: kwamba a na b zipo. Ndicho kinachoanguka.

Kutokana na hili inafuata tahadhari ya kazi. Katika uthibitisho wa kawaida, kosa la hesabu katikati mara nyingi linakufikisha kwenye jibu la ajabu ukashtuka. Katika uthibitisho kwa mkinzano, jibu la ajabu ndilo unalolitafuta! Ukikosea alama ya kutoa na kujumlisha utapata "1 = 0", utafurahi, na utaandika "mkinzano, imethibitishwa". Kwa hiyo ukifika kwenye mkinzano, usisherehekee kwanza. Rudi ukajaribu hoja yako kwa namba ambayo jibu lake unalijua, kama katika swali linalofuata.

## Namba nyingine

9. Nikitumia hatua hizo hizo kwa √4, si nitathibitisha kwamba 2 si namba wiano?

Jaribu uone inapokatika. Tuseme √4 = a/b, imerahisishwa. Basi a² = 4b², a² ni shufwa, a ni shufwa, a = 2c. Weka:

4c² = 4b²
c² = b²

Na hapa pumzi zinaisha. Hakuna 2 iliyobaki ya kuisukuma b iwe shufwa. Tunapata tu c = b, yaani a = 2b, na kwa kuwa sehemu imerahisishwa, b = 1 na a = 2. Hoja imetupa jibu sahihi, 2/1, badala ya mkinzano.

Linganisha na √2. Kule, a ilipoleta 2 mbili (kutoka (2c)²), mlingano ulimeza moja na ikabaki moja ya kwenda upande wa b. Hapa mlingano umemeza zote mbili. Siri yote imo katika hiyo 2 moja inayobaki.

10. Na √3, √6, √12 je?

Kwa √3, badala ya shufwa na witiri tumia "inagawanyika kwa 3". Unahitaji kuthibitisha kwamba a² ikigawanyika kwa 3, a nayo inagawanyika kwa 3. Namba isiyogawanyika kwa 3 inabakiza 1 au 2, yaani ni 3k + 1 au 3k + 2. Miraba yake ni 9k² + 6k + 1 na 9k² + 12k + 4, na zote mbili zinabakiza 1. Yaliyobaki ni kama swali la 5.

Kwa √6, huna haja ya kushughulika na 6 yenyewe. a² = 6b² ni shufwa, basi a = 2c, halafu 4c² = 6b², yaani 2c² = 3b². Upande wa kushoto ni shufwa, hivyo 3b² ni shufwa. Kwa kuwa 3 ni witiri, b² ndiyo iliyo shufwa, na b pia.

√12 ndiyo yenye mtego. Watu wanaandika "a² inagawanyika kwa 12, kwa hiyo a inagawanyika kwa 12". Si kweli: 36 inagawanyika kwa 12, na 6 haigawanyiki. Hitimisho lao ni sahihi, kwani √12 kweli si namba wiano, lakini njia ni mbovu. Andika √12 = 2√3. Kama 2√3 ni a/b, basi √3 ni a/2b, ambayo ni sehemu, na hilo tumeshalikataa.

11. Kuna njia fupi zaidi?

Ipo, kama unakubali kwamba kila namba nzima kubwa kuliko 1 inavunjika kuwa zao la namba tasa kwa namna moja tu. Hesabu ni mara ngapi 2 inatokea. Katika a² inatokea mara shufwa, kwa sababu kila 2 iliyomo katika a inahesabiwa mara mbili. Katika b² pia ni mara shufwa, lakini katika 2b² imeongezeka moja, kwa hiyo ni mara witiri. Namba moja haiwezi kuwa na 2 mara shufwa na mara witiri kwa pamoja. Basi a² haiwezi kuwa 2b².

Njia hii haihitaji kurahisisha sehemu, na inajibu maswali ya 9 na 10 kwa pamoja: kipeuo cha pili cha namba nzima chanya ni namba wiano pale tu ambapo kila namba tasa inatokea ndani yake mara shufwa, yaani namba hiyo ni mraba kamili. Hata hivyo ningekushauri uanze na ya swali la 5, maana kule kila kitu unakithibitisha mwenyewe. Hapa umeegemea nadharia nzito.

## Kwa karatasi na mkasi

12. Naweza kuuona ukweli huu kwa macho?

Chukua karatasi ya A4. Pima: milimita 297 kwa 210. Vipimo hivyo havikuokotwa tu. Karatasi za jamii ya A zimeundwa ili ukikunja katikati ya upande mrefu, nusu iwe na umbo lile lile la karatasi nzima. Kama pande ni a na b, sharti hilo ni a/b = b/(a/2), yaani a² = 2b². Karatasi kamilifu ya aina hiyo ingekuwa na uwiano wa √2.

Sasa kata. Kutoka 297 × 210 toa mraba wa 210. Kinabaki kipande cha 210 × 87. Kutoka hicho toa miraba miwili ya 87, kinabaki 87 × 36. Toa miwili ya 36, kinabaki 36 × 15. Toa miwili ya 15, kinabaki 15 × 6. Toa miwili ya 6, kinabaki 6 × 3. Toa miwili ya 3, na karatasi imekwisha kabisa. Mraba wa mwisho una upande wa milimita 3, na 3 ndiyo kigawo kikubwa cha shirika cha 297 na 210. Gawanya uone: 297/210 = 99/70. A4 uliyoishika ni moja ya zile sehemu za swali la 3 zilizokosa kwa 1! (Mkasi hautakupa vipande vya mwisho vizuri hivyo, basi kuanzia 15 × 6 endelea kwa kalamu.)

Sasa fikiria karatasi kamilifu, yenye pande √2 na 1. Toa mraba wa 1, kinabaki kipande cha 1 × (√2 − 1). Toa miraba miwili ya √2 − 1. Upande uliobaki ni 1 − 2(√2 − 1) = 3 − 2√2, na hiyo ni sawa na (√2 − 1)². Kwa hiyo kipande kipya kina pande √2 − 1 na (√2 − 1)², yaani ni kile kipande cha awali kilichopunguzwa, umbo lile lile. Utatoa tena miwili, kitabaki chenye umbo lile lile, na tena, na tena. Hakiishi.

Hapo ndipo mkinzano ulipo. Tuseme pande za karatasi hiyo ni mara nzima za kipimo fulani, hata kiwe kidogo kiasi gani. Basi kila kipande kinachobaki nacho kina pande za mara nzima za kipimo hicho, kwa kuwa tunatoa nzima kutoka nzima. Vipande vinapungua bila kufika sifuri, na havikomi. Namba nzima chanya hazishuki milele. Basi kipimo hicho hakipo.

## Maswali ya pembeni

13. Ni kweli mtu aliyegundua haya alizamishwa baharini?

Hadithi inamtaja Hippasus wa Metapontum, mfuasi wa Pythagoras. Waandishi wanaoleta habari za mtu kufa baharini kwa kufichua siri za kundi hilo waliishi karne nyingi baadaye, na hawakubaliani hata juu ya siri yenyewe ilikuwa ipi. Ichukue kama hadithi.

Lenye ushahidi ni hili: Aristoteli, katika karne ya 4 kabla ya Kristo, alipotaka kueleza uthibitisho kwa mkinzano, alitoa mfano wa ulalo wa mraba, akasema kwamba ukidhani una kipimo kimoja na upande, namba witiri zitakuwa sawa na shufwa. Anautaja kwa kupita, kama jambo ambalo msomaji wake analijua. Naye Plato anamweleza Theodorus wa Kirene akiwaonyesha vijana jambo hilo kuanzia 3 hadi 17. Hakuanza na 2, na wengi wanachukulia kwamba hiyo ilikuwa imeshajulikana.

14. Namba mbili zisizo wiano zikijumlishwa, jibu nalo si wiano?

Si lazima. √2 na −√2 zinajumlishwa kuwa 0. Lakini √2 + 1 si wiano: ingekuwa sehemu, ungetoa 1 na √2 ingekuwa sehemu. Kwa √2 + √3, tuseme jumla ni namba wiano r. Mraba wake ni 5 + 2√6, kwa hiyo √6 = (r² − 5)/2, ambayo ni wiano. Rudi swali la 10.

15. Nimesikia kuna wanahisabati wasioukubali uthibitisho kwa mkinzano. Je, √2 inawasumbua?

Haiwasumbui. L. E. J. Brouwer, Mholanzi wa karne ya 20, na waliomfuata walikataa hoja ya namna hii: "tuseme kitu hiki hakipo; tunapata mkinzano; basi kipo." Walidai uonyeshe kitu chenyewe. Ila hoja yetu inakwenda upande wa pili: tuseme a na b zipo, tunapata mkinzano, basi hazipo. Kukana jambo kwa kuonyesha kwamba linaleta mkinzano wanakukubali, maana ndiyo maana yenyewe ya kukana.

Ukitaka unaweza kusema jambo hili bila kukana chochote, na unapata hata zaidi. Chukua sehemu yoyote chanya a/b isiyozidi 1.5. Kwa swali la 11, a² na 2b² hazilingani, na kwa kuwa ni namba nzima, zinatofautiana kwa angalau 1. Umbali kati ya √2 na a/b ni tofauti hiyo ikigawanywa kwa b²(√2 + a/b), na kilicho ndani ya mabano hakifiki 3. Basi umbali huo ni mkubwa kuliko

1/(3b²)

Pima kwa A4. Asili ni 70, na 1/(3 × 4900) ni takribani 0.000068. Umbali halisi wa 99/70 kutoka √2 ni takribani 0.000072. Imepita kwenye mpaka karibu kabisa, na haikuugusa.